Stetimenti ya kadi imenichanganya: riba 66,520 wakati nilikwisha lipa deni. Naombeni ushauri

Mzigo Mwepesi
Wakuu, habari za jioni. Nina kadi ya mkopo ya benki moja hapa Dar, sitaitaja. Riba yao ni asilimia 3 kwa mwezi. Deni la Januari nililipa mapema, tarehe 3 Februari, na mwisho ulikuwa tarehe 5. Sasa stetimenti ya tarehe 15 Februari imekuja na mambo haya:

Riba: 66,520.
Manunuzi ya Dubai, AED 734.50: wameandika 518,090. Mimi siku nanunua nilitazama Google ikanipa 500,000 kamili.
Jumla ya deni: 884,610. Malipo ya chini: 88,461, mwisho tarehe 5 Machi.

Kwa hesabu zangu riba haikupaswa kuzidi 9,000. Nimeibiwa au kuna kitu sikioni? Nina siku nne tu.

Kiparamoto
Mimi kadi pekee niliyonayo ni ya NIDA, na hiyo niliisubiri miaka miwili. Haijawahi kunidai riba.

Ustadhi wa Buguruni
Ndugu yangu, hilo neno "riba" umeliandika mwenyewe kwa mkono wako halafu unashangaa limekuuma. Kata kadi, lipa wanachodai, tubu. Hakuna hesabu hapo.

Mama Hesabu
Ustadhi, wacha kijana aeleze kwanza. Nimekaa kitengo cha kadi miaka kumi na moja kabla sijastaafu, na stetimenti za namna hii nimezisoma mpaka macho yakaingia miwani. Mwanangu, unasema ulilipa deni. Ulilipa lote?

Mzigo Mwepesi
Shikamoo mama. Nililipa kiasi kikubwa sana, zaidi ya walichodai. Wao walitaka 120,000 tu.

Mama Hesabu
Marahaba. Sikukuuliza walidai ngapi. Stetimenti ya Januari ilikuwa na jumla ya shilingi ngapi, na wewe ulilipa ngapi?

Mswahili wa Kisauni
Niko Mombasa, hilo la Dubai nalijua vizuri. Mashine ya dukani ikikuuliza walipa kwa dirham au kwa pesa ya kwenu, wewe chagua pesa ya kwenu. Wajua pale pale utakatwa ngapi, hakuna cha kuja kushangaa baadaye. Mimi mwaka jana kule Naif nilibonyeza shilingi ya Kenya, risiti ikatoka na bei kamili, nikalala usingizi.

Mzigo Mwepesi
Mama, jumla ilikuwa 1,200,000, friji niliyonunua tarehe 20 Disemba. Nililipa 900,000. Ile 300,000 nilipeleka kwenye kikoba maana ilikuwa zamu yangu na faini yao ni kali kuliko benki. Lakini mama, 900,000 kati ya 1,200,000 ni robo tatu! Riba wachukue kwenye 300,000 iliyobaki, asilimia 3 ni 9,000. Nimeshawaandikia barua pepe kwamba silipi hata senti mpaka warekebishe.

Binti Tandika
Kikoba kwanza benki baadaye, kaka yangu hujakosea 😂 Kikobani kwetu ukichelewa wanakuja kukaa sebuleni kwako na watoto wao.

Mama Hesabu
Haya, sasa tunaongea. Zile siku ambazo kadi haikutozi riba ni za yule anayelipa jumla yote kabla ya tarehe ya mwisho. Ukibakiza hata elfu kumi, kwa benki nyingi msamaha unafutwa, na riba inahesabiwa kwa kila siku tangu manunuzi yalipoingia kwenye akaunti. Robo tatu haina thamani hapo.

Chukua kalamu. Asilimia 3 kwa mwezi ni 36 kwa mwaka. Friji iliingia tarehe 20 Disemba, ukalipa tarehe 3 Februari. Hizo ni siku 45 ambazo ulikuwa unadaiwa 1,200,000 nzima. Kuanzia hapo mpaka tarehe 15 ni siku 12 za 300,000. Kwa hiyo:

```
1,200,000 × 45 = 54,000,000
  300,000 × 12 =  3,600,000
jumla          = 57,600,000
57,600,000 × 0.36 ÷ 365 = 56,811
```

Hiyo ni friji peke yake. Mzigo wa Dubai uliingia kwenye akaunti lini? Si siku uliyonunua. Kwenye stetimenti huwa kuna tarehe mbili.

Mzigo Mwepesi
Nilinunua tarehe 24 Januari, tarehe ya pili ni 27 Januari.

Mama Hesabu
Tarehe 27 mpaka 15 ni siku 19. Kwa kuwa msamaha ulishafutwa, na huo nao unatozwa tangu siku ulipoingia: 518,090 mara 19, mara 0.36, gawa kwa 365, unapata 9,709. Jumlisha na 56,811.

Mzigo Mwepesi
66,520. Ee Mola.

Kijana wa Bara
Subirini kidogo. Mimi nafanya kazi na namba na hii inanuka chai. AED 734.50? Gawa kwa 3.6725, ndiyo thamani ya dola moja ambayo dirham imefungwa nayo tangu 1997. Inatoka dola 200 kamili, hakuna hata senti inayobaki. Duka gani Dubai linauza kitu kwa dirham 734 na nusu? Halafu riba inakaa sawa mpaka shilingi ya mwisho. Hii stori imetungwa na mtu anayejua jibu. Mleta mada na huyo Mama ni mtu mmoja.

Binti Tandika
Duh. Na mimi nilijiuliza, mwezi wa kumi na mbili huyu jamaa alileta uzi kwamba hana kazi, anatafuta mtaji wa kuuza chipsi. Leo ana friji ya milioni na ziara ya Dubai?

Mzigo Mwepesi
Dada, chipsi ni mtaji wa pili, mtu haruhusiwi kuwa na mambo mawili? Kuhusu 734.50: lile ni duka la jumla Deira, vifaa vya simu. Wanakutajia bei kwa dola, Waafrika wote pale wanaulizia kwa dola, halafu kwenye mashine anapiga kwa dirham. Risiti ninayo.

Kijana wa Bara
Iweke hapa, ficha namba ya kadi.

Mama Hesabu
Kijana, mimi ni bibi wa wajukuu wanne, sina muda wa kuwa watu wawili. Benki ikitumia fomula hii, hesabu lazima ikae mpaka shilingi ya mwisho, ndiyo kazi ya kompyuta. Isingekaa ndipo ungeshuku. Kwa mfano wangegawa kwa 360 badala ya 365, friji peke yake ingetoa 57,600, na hapo ungekuwa na la kuuliza.

Turudi Dubai. Mswahili, pole, usingizi ule uliulipia. Ukichagua pesa ya kwenu, anayebadilisha ni kampuni ya mashine ya yule muuzaji, kwa bei yake mwenyewe na faida yake ndani. Benki nyingine zinakukata ada ya ng'ambo juu yake, kwa sababu duka liko nje ingawa risiti ni ya shilingi. Ulikuwa sahihi kwa jambo moja: ulijua bei mapema. Hukujua ni ghali.

Mswahili wa Kisauni
Mama, wanitia moto tumboni. Nitaitafuta stetimenti yangu.

Mama Hesabu
Mzigo, wewe ulibonyeza dirham, hapo ulifanya vizuri. Kosa lako ni kulinganisha na Google. Ile ni bei ya kati ya soko, ya tarehe 24. Kadi yako hubadilishwa kwa bei ya mtandao wa kadi ya siku muamala ulipochakatwa. Kama ni Visa, tovuti yao ina kikokotoo cha bei ya kubadilisha fedha, unaweka tarehe, AED kwenda TZS, ada ya benki unaiacha sifuri. Niletee namba ya tarehe 27.

Mzigo Mwepesi
Ni Visa. Imetoa 684.82 kwa dirham moja.

Mama Hesabu
Gawa 518,090 kwa 734.50, unapata 705.36. Hiyo ndiyo bei uliyotozwa kweli. Sasa 705.36 gawa kwa 684.82: 1.03. Kwa hiyo kati ya ile 18,000 unayolalamikia, kama 3,000 ni bei kupanda kati ya tarehe 24 na 27, na 15,090 ni ada ya benki, asilimia 3, waliyoichanganya ndani bila kuiandika mstari wake. Tafuta karatasi ya ada uliyopewa ulipochukua kadi. Imeandikwa ngapi?

Mzigo Mwepesi
Nimepekua kabati zima. Imeandikwa asilimia 2.5!!! Nilisema nimeibiwa!

Mama Hesabu
Basi hilo ndilo la kudai. Nusu asilimia ya 503,000 ni shilingi 2,515, na riba kidogo iliyopanda juu yake. Andika barua mpya, dai moja tu, tarehe na hesabu ziwemo, uombe namba ya lalamiko. Wasipokujibu ndipo unapanda Benki Kuu. Ila angalia kama karatasi yako ni ya zamani, ada hubadilishwa na tangazo likabandikwa tawini.

Na hiyo ya kutolipa hata senti, futa. Malipo ya chini ni asilimia 10 ya 884,610, hesabu ni sahihi. Ukipitisha tarehe 5 wanaongeza faini na jina linakwenda kwenye taarifa za mikopo. Ubishi wa 2,515 haukuzuii kulipa.

Mzigo Mwepesi
Lakini mama, nikilipa si nitakuwa nimekubali? Na barua nimeshatuma.

Mama Hesabu
Kulipa si kukubali. Tuma nyingine useme unalipa huku lalamiko likiendelea.

Ustadhi wa Buguruni
Shilingi 2,515 mnaipigania, ile 66,520 mmeimeza.

Binti Tandika
Leo Ustadhi kanigusa.

Mzigo Mwepesi
Nikilipa 88,461 kila mwezi, nitamaliza lini?

Mama Hesabu
Mbali. Utabakiwa na kama 796,000, na riba yake kwa mwezi ni karibu 24,000. Zaidi ya robo ya malipo yako yajayo inakwenda kwa riba, na malipo ya chini yenyewe yanapungua kila deni likipungua, kwa hiyo mwendo unazidi kuwa wa kobe. Na hata ukilipa yote 884,610 tarehe 5, stetimenti ya Machi itakuja na kama 15,700, riba ya siku 18 tangu tarehe 15. Usije ukafungua uzi mwingine hapa.

Mzigo Mwepesi
Kikoba nagawiwa tarehe 12 Machi, 600,000. Wazo langu: tarehe 5 nilipe 88,461, tarehe 12 nitupie 500,000 yote, nyingine ni ya mafuta ya chipsi. Barua ya pili nimetuma saa hizi.

Mama Hesabu
Chipsi ngoja kwanza.

Mzigo Mwepesi
Mama, jiko nimeshalipia nusu.

Kijana wa Bara
Risiti ya Deira bado sijaiona.