Nimelipa 288,000 niliyoonyeshwa, oda inasema nadaiwa 30,000. Huu ni wizi au uzembe?

Wakuu nipo Kirumba hapa na hasira zangu. Juzi usiku nimeagiza taa 6 za sola za kuvulia dagaa kwenye duka moja la mtandaoni, 48,000 kila moja, nikabonyeza lipa saa 4:10, mtandao ukaanza visa vyake, ule ujumbe wa kuweka namba ya siri umekuja saa 4:26 na umeandikwa 288,000 vilevile, nikaweka, hela ikakatwa. Nafungua oda nakuta jumla 318,000, umelipa 288,000, baki 30,000, mzigo hautoki! Kumbe saa 4:20 wamepandisha taa kuwa 53,000. Nawapigia, dada ananijibu "bei ya sasa ndo hiyo kaka". Giza limeshaingia, wenzangu wako ziwani na mitumbwi, mimi nimekaa na risiti.

Mzee wa Mwaloni: Vumilia tu mkuu, vitu vinapanda. Mi nyavu niliuliza bei asubuhi, jioni narudi bei nyingine.

Mleta uzi: Mzee wewe uliuliza, mi NIMELIPA.

Dogo Kodi: Hapo walitakiwa wasibadili bei mpaka malipo yote yaliyo njiani yaishe.

Fundi Sistimu: Nusu sahihi dogo. Duka lina wateja usiku na mchana, ukisubiri malipo yaishe hutabadili bei milele. Katalogi ibadilike hata sasa hivi, ila mteja akibonyeza lipa, bei inakopiwa ndani ya oda na haiguswi tena. Hao nahisi oda yao imebeba namba ya bidhaa na idadi tu, halafu jumla inapigwa upya kila ukurasa ukifunguliwa. Mleta uzi, fungua oda yako ya zamani ya taa hizohizo uone.

Mleta uzi: Duh! Oda ya mwezi wa tatu, taa 2 nililipa 96,000, leo inasoma 106,000!!

Fundi Sistimu: Umeona. Kwenye mstari wa oda walitakiwa waweke hivi:

```
product_id, qty, unit_price
```

Taarifa ya malipo ikirudi inalinganishwa na jumla ya oda, sio na katalogi. Na oda iwe na mwisho, mi naweka dakika 30, zikipita bei mpya.

Mama Vipuri: Hizo dakika 30 ndo muhimu, kuna mtu aliniachia oda siku tatu akaja kulipa bei ya zamani, nikala hasara. Na hela ikiingia dakika ya 31 je?

Fundi Sistimu: Narudisha hela, au nampigia akubali bei mpya.

Dogo Kodi: Mtandao wa huku ukichelewa ni kosa la mteja? Mpe bei yake tu.

Mama Vipuri: Utanilipia wewe hiyo tofauti?

Mleta uzi: Wamenipigia sasa hivi, eti nilipe hiyo 30,000 mzigo utoke, watanirudishia baadae. Nilipe?

Mzee wa Mwaloni: Lipa ukavue.

Fundi Sistimu: USILIPE. Piga picha hiyo oda ya mwezi wa tatu kabla hawajairekebisha.