Natuma picha ya taa nyekundu, najibiwa "zima ruta uwashe"

Wakuu, nimechoka. Kampuni inayoniletea faiba imeanzisha mfululizo wa posti za maswali yanayoulizwa sana, eti kupunguza meseji zinazojirudia inboksi. Wazo sikatai. Ila sasa ukiwaandikia chochote, unarushiwa posti namba 3: "Intaneti haifanyi kazi? Zima ruta, subiri sekunde 30, washa."

Nina steshenari Tabata. Jumanne asubuhi wateja wamejaa, taa ya LOS inamweka nyekundu, ya PON imezima. Nikaandika hivyo hivyo na picha juu. Posti namba 3. Nikazima na kuwasha mara nne. Nikaandika tena. Posti namba 3! Fundi kaja Alhamisi, kachomeka kipimo cha mwanga kwenye ule waya mwembamba wa faiba, kikasoma -31. Akaufuata ukutani, akakuta kabati limeubana hadi umekunjika. Kuunyoosha tu, ikasoma -21, intaneti ikarudi.

LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa. Utauwashaje kwa kuzima ruta? Posti ingeanza na taa: LOS nyekundu, kagua kama waya umebanwa, kisha tuma picha na namba ya akaunti, fundi apangwe. Hapo meseji zingepungua. Mimi peke yangu nimetuma kumi na moja kwa tatizo moja.

Mpanda_Nguzo: Uko sahihi mkuu. Vifaa vingi mwanga ukishuka chini ya -27 vinashindwa, kwa hiyo -31 usingepata kitu. Ila najua kwa nini wanaogopa kuandika "kagua waya". Watu wanachomoa kile kichwa cha kijani, wanakigusa kwa vidole, kinaingia uchafu. Tatizo moja linakuwa mawili. Waandike: angalia kwa macho, usichomoe.

BabaJunia: Nyekundu maana yake kifurushi kimeisha. Lipia kwanza.

Mpanda_Nguzo: Hapana ndugu. Kifurushi kikiisha mwanga bado unafika, LOS haiwaki. Muulize na jirani: naye akiwa na nyekundu, waya umekatika huko nje na kabati lako halihusiki.

Mwanaidi_K: Afadhali nyie. Mimi nalipia 20, nikipakua faili naona 2.5 tu. Huu si wizi?

Mpanda_Nguzo: Dada, hiyo ndiyo 20 yako. Wao wanauza kwa megabiti, kompyuta yako inahesabu megabaiti, gawanya kwa 8. Posti namba 5 imeeleza vizuri sana.

Sawa, namba 5 nakubali ni nzuri, kwa sababu swali lake lina jibu moja. "Intaneti haifanyi kazi" lina majibu manne au matano, wao wametoa moja tu. Na siku zangu mbili nilizolipia bila huduma? Nimepitia posti zote 8, hakuna neno kuhusu fidia. Aliyewahi kurudishiwa siku zake aniambie alimwandikia nani, maana inboksi nitaletewa namba 3.