Tupeane uzoefu: barua yako ya kuuliza tofauti kwenye ritani uliiandikaje mpaka ukajibiwa?

Binti wa Ujiji
Wapendwa, naanza na yangu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanga, Kigoma. Mwezi Mei nililetewa taarifa na TRA kwamba ritani yangu ya VAT ya Aprili haikubaliani na mashine ya EFD: nimetangaza mauzo ya 15,360,000 bila VAT, mashine inaonyesha 16,600,000. Tofauti 1,240,000, na VAT yake ni 223,200. Nilishtuka, maana risiti huwa nazihesabu mwenyewe moja moja.

Nikaandika hivi: "Naomba msaada, ritani yangu ina tofauti na sielewi imetokea wapi. Nifanye nini?" Wiki mbili kimya. Nilipokwenda dirishani, kijana mmoja akaniuliza kwa upole, "Mama, ritani ipi? Ya mwezi gani?" Hapo nikaona kosa langu. Nilikuwa nimeandika kama vile wananijua.

Nikarudi dukani, nikatandaza mezani ripoti za Z, zile ambazo mashine hutoa kufunga mauzo ya siku. Machi 31 tulifunga usiku, mashine ikazimika chaji kabla ya kutoa Z. Tuliitoa asubuhi ya Aprili 1, saa 1 na dakika 12, ikabeba risiti mbili za jana yake, za mabati na saruji: 1,240,000 kamili. Mimi nilishaziweka kwenye ritani ya Machi na kodi yake nikailipa. Mfumo ukazisoma Aprili.

Barua ya pili niliiandika hivi (namba zangu nimezificha):

"Yah: Tofauti ya mauzo, ritani ya VAT ya Aprili. TIN ..., VRN ..., kumbukumbu ya taarifa yenu ... Tofauti ya shilingi 1,240,000 ni risiti mbili za Machi 31 zilizomo kwenye ripoti ya Z namba 0412 iliyotolewa Aprili 1. Zimetangazwa kwenye ritani ya Machi na kulipiwa. Nakala za risiti, Z hiyo, ritani ya Machi na uthibitisho wa malipo zimeambatishwa. Swali langu: je, mauzo haya yabaki Machi, au niyahamishie Aprili?"

Siku ya nne nikajibiwa: yabaki Machi. Wenzangu mliandikaje?

Asali Sikonge
Dada, ungejipunguzia safari. Tofauti ikitokea unarekebisha ritani tu, unaweka namba ya mashine, basi. Mimi ndivyo nilivyofanya na hawakunisumbua tena.

Mhasibu Tabora
Ndugu yangu wa Sikonge, kurekebisha ni sawa pale ritani ilipokosea. Yake haikukosea. VAT hufuata kile kinachotangulia kati ya ankara, malipo na kutolewa kwa bidhaa, na vyote vilikuwa Machi 31. Angeongeza 1,240,000 Aprili bila kuigusa Machi, angelipa 223,200 mara ya pili. Angezitoa Machi, ritani iliyo sahihi ingeharibika.

Wateja wangu huwa nawaambia kabla hawajaandika chochote wachukue mauzo waliyotangaza wazidishe kwa 1.18. Likitoka lile la mashine, hakuna mauzo yaliyopotea, mmoja amesoma jumla yenye VAT na mwingine isiyo nayo. Isipotoka, tafuta Z ya siku ya kwanza na ya mwisho ya mwezi, kama alivyofanya dada.

Na swali moja lile ndilo lililombeba. "Nifanye nini" inamtaka ofisa achunguze faili zima. "Machi au Aprili" anaijibu akiwa na karatasi nne mbele yake.

Mzee wa Kasulu
Mimi yangu ni hiyo hiyo. Nauzia shule maharage, wananikata asilimia 2, na kwenye ritani ya mwaka makato hayaonekani. Nimwandikie nani?

Mhasibu Tabora
Shikamoo mzee. Hiyo ni kodi ya zuio, ni jambo jingine kidogo. Kwanza tazama cheti cha zuio ulichopewa na shule, linganisha TIN yako tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imekosewa, aliyekata ndiye wa kusahihisha. Kwa hiyo anza na mhasibu wa shule.

Mzee wa Kasulu
Marahaba. Cheti sijawahi kupewa hata kimoja.

Mhasibu Tabora
Basi mzee, omba hivyo vyeti kwanza, kwa maandishi, ukitaja tarehe ya kila malipo.

Dada wa Ujiji, nina wasiwasi na jambo moja. Ile karatasi ya Mei ilikuwa taarifa tu ya tofauti, au ilikuwa tathmini ya kodi? Kama ni tathmini, una siku 30 za kuweka pingamizi tangu uipokee, na barua ya kuuliza haizisimamishi siku hizo.

Binti wa Ujiji
Kaka, kichwa cha karatasi kinasema "taarifa", lakini chini wameandika kiasi cha kulipa na tarehe. Jibu la kwamba yabaki Machi halikusema kama hilo deni limefutwa. Kesho asubuhi naandika tena, kumbukumbu zilezile, swali ni hilo tu.