MREJESHO: Fundi wa makabati aliyekula dipoziti yangu

Niliuliza: "Fundi amekula dipoziti yangu ya 85,000, wiki kadhaa hajibu simu wala meseji, nianzie wapi?"

Haya wadau, kwanza nilirudi kusoma mkataba kama mlivyonishauri, hakuna kipengele cha usuluhishi, na hiyo ni muhimu kuangalia mapema maana kingekuwepo angeomba kesi isimamishwe mpaka twende kwa msuluhishi kwanza.

Basi nikamtumia kumbusho la mwisho, wasapu na nakala ya karatasi dukani kwake, mpokeaji akasaini. Sikutukana wala kutishia polisi, niliandika hivi: "Nilikulipa 85,000 kwa M-Pesa, risiti nimeambatanisha, makabati hayajaletwa. Rudisha pesa zote ndani ya siku 14. Usipofanya hivyo nitafungua kesi Mahakama ya Madai Madogo hapa Nairobi bila kukutumia taarifa nyingine, na nitadai pia gharama."

Hii mahakama inachukua madai yasiyozidi milioni 1, wakili si lazima, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Nadhani hapo ndipo alipoogopa.

Usiku kabla ya tarehe kuisha akapiga mwenyewe, akatuma 40,000, anaomba mpaka mwisho wa mwezi. Nimekubali ila nimemwambia aandike kwamba bado nadai 45,000, ameandika na kusaini. Akipitisha tarehe nafungua kesi kesho yake, makaratasi yote ninayo tayari.