Kaandika "eventually" nikakodi lori la pili, sasa bosi anataka kunikata mshahara. Naombeni ushauri

Msafirishaji wa Kurasini

Wakuu, habari za jioni. Nipo ofisi ya forodha na usafirishaji hapa Dar. Mzigo wetu mwingi ni wa Lubumbashi, unapita Tunduma, unaingilia Kasumbalesa. Kule tuna mwenzetu Mkongomani, mchapakazi kwelikweli. Kwenye simu tunaongea Kiswahili, yeye na chake mimi na changu, tunaelewana bila shida. Ila bosi aliagiza kila kinachohusu mzigo kiandikwe kwa Kiingereza kwenye barua pepe, maana mteja naye anapata nakala.

Jumatatu ya wiki jana mwenzangu akaniandikia hivi, nanakili kama ilivyo:

"The client will eventually need a second truck on Friday. Actually the second lot is with the supplier. The new manager is sympathetic."

Mimi nikasoma: hatimaye mteja atahitaji lori la pili Ijumaa, sehemu ya pili ya mzigo kwa kweli iko kwa muuzaji, na meneja mpya ni mtu wa huruma. Nikaona mambo si ndiyo hayo. Nikatafuta lori, nikalipa kianzio dola 500 kwa hela ya ofisi bila kusubiri mteja aweke chake, kwa sababu nimeambiwa meneja ana huruma, hatatusumbua. Ijumaa lori likafika, mzigo hakuna. Likalala uwanjani siku 3, mwenye lori anadai dola 100 kwa kila siku. Nikimuuliza mwenzangu anasema, "Mimi nilikuambia pengine!" Wapi aliandika pengine?

Bosi anasema hasara ni yangu, nitakatwa. Naomba mnisaidie: kosa la nani hapa, na niandikianeje na huyu bwana kuanzia leo?

Fundi Gia

Mkuu, tatizo hapo ni foleni ya Tunduma. Lori likikaa pale madereva wanakula posho yote. Ungepitisha mzigo njia nyingine.

Msafirishaji wa Kurasini

Kaka, lori halijatoka hata Dar. Halijaona Chalinze.

Mzee wa Kamusi

Kijana, nenda na kamusi mkononi kwa bosi. "Eventually" ni hatimaye, mwishowe. Hakuna kamusi ya Kiingereza itakayokuambia ni pengine. Umesoma sawasawa, aliyekosea ni aliyeandika, alipe yeye. Kesi imeisha.

Mtoto wa Katuba

Ndugu zangu, mimi ni wa Lubumbashi na barua kama hizo nimeziandika sana, kwa hiyo msimchome huyo kijana haraka. Sisi shule tumesoma kwa Kifaransa. Kule kuna neno "éventuellement", maana yake huenda, ikitokea, ikibidi. Mtu anapoanza kuandika Kiingereza akakutana na "eventually" anafurahi, anaona ni ndugu yake yule yule amebadili shati. "Actuellement" ni sasa hivi, kwa wakati huu, basi anaandika "actually". Na "sympathique" ni mtu mcheshi, anayependeka, unayeweza kukaa naye ukacheka. Habari ya huruma haimo.

Kwa hiyo mwenzako alikuandikia hivi: huenda mteja akahitaji lori la pili Ijumaa. Kwa sasa sehemu ya pili ya mzigo bado iko kwa muuzaji. Meneja mpya ni mtu poa. Soma tena uone, ni barua nyingine kabisa.

Msafirishaji wa Kurasini

Duh. Kwa hiyo alikuwa ananiambia nisubiri?

Mtoto wa Katuba

Alikuwa anakuambia ukae tayari. Na huyo meneja kuwa mcheshi hakumaanishi halipishwi kianzio!

Mama Tafsiri

Nimefanya kazi ya kutafsiri Kifaransa na Kiingereza miaka mingi hapa Arusha, enzi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa ikitumia lugha hizo mbili hadi ilipofungwa mwaka 2015. Alichosema Mtoto wa Katuba ni sahihi. Maneno haya asili yake ni moja, Kilatini, ingawa lile la huruma Kilatini nacho kililitoa Kigiriki. Kila lugha ikayachukua ikayalea kivyake. Kifaransa kilibaki na lile linaloweza kutokea au lisitokee, Kiingereza kikashika lile linalotokea baada ya muda. Wajerumani nao wako upande wa Wafaransa: "eventuell", "aktuell", "sympathisch". Hata waongoza watalii wa hapa Arusha wanalijua hilo, mgeni akiandika dereva wao alikuwa "very sympathetic" wanajua hakuna aliyefiwa njiani, kijana alikuwa mchangamfu tu.

Lakini kabla hatujagawa makosa, nina swali. Wewe Msafirishaji ulimjibuje ile barua?

Msafirishaji wa Kurasini

Nilimjibu siku ile ile: "OK, we will eventually send two trucks."

Mama Tafsiri

Nilijua! Wewe ulimwambia hatimaye tutatuma malori mawili. Yeye akasoma: sawa, ikibidi tutatuma mawili. Akaona umemwelewa vizuri, akalala usingizi. Kila mmoja alipata jibu alilolitarajia, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Neno likikugomea kabisa utauliza, hili halikugoma.

Jambo jingine, mwanangu, hata kwa Mwingereza halisi jibu lako lina kasoro. "Hatimaye" yetu ina harufu ya kufika: hatimaye mzigo umetoka, watu wanashukuru. "Eventually" ya Kiingereza ikienda na wakati ujao inaburuta miguu: siku moja, baada ya vuta nikuvute. Mteja ukimwandikia "we will eventually pay" anasikia kwamba huna haraka naye. Ukitaka kusema mtatuma, andika mtatuma na siku yake.

Kumtambua mwandishi wa namna hii si kazi. Chukua sentensi, mahali pa "eventually" weka huenda, soma. Kisha weka hatimaye, soma. Zote mbili zikileta maana, hujui alichosema, uliza. Halafu tazama "actually" imekaa wapi. Ikiwa mwanzoni mwa sentensi, inafuatiwa na mahali kitu kilipo leo, na hakuna mtu aliyekuwa anabishana naye, basi huyo anakuambia kwa sasa. Kwenye barua yako hiyo ilitosha kukushtua, maana ukiona moja ujue na ya jirani imetoka nyumba hiyo hiyo.

Mzee wa Kamusi

Basi dawa rahisi: watu wa Kongo tuwaandikie "eventually" kwa maana ya huenda, wote tuwe sawa.

Mama Tafsiri

Na mteja aliye kwenye nakala, kama yuko Johannesburg, ataelewa ipi? Mzee, hapana. Neno hilo liacheni lipumzike. Huenda iandikwe "may" au "possibly", kwa sasa iandikwe "now" au "at the moment", na mcheshi aitwe "friendly".

Kijana wa Ubungo

Kumbe ni tatizo la waliosoma Kifaransa. Sisi wa Bongo tuko salama.

Bi Nyali

Kaka usijidanganye, sisi tusiojua hata neno moja la Kifaransa yametukuta. Nafanya kliaringi Mombasa. Mteja wetu wa Uingereza alilipishwa stoo bandarini siku 9 kwa sababu makaratasi yalichelewa, akaandika anataka tumrudishie. Mimi nikataka kumpa pole kwanza, si ndiyo adabu? Mtu hata akigonga mguu unampa pole. Nikaandika: "We are sympathetic to your claim." Kichwani mwangu ni tunakuonea huruma kwa yaliyokupata, basi. Wao wakasoma kwamba dai lao tunalikubali kwa moyo mweupe na kilichobaki ni hesabu. Ankara iliyofuata wakailipa pungufu, na barua yangu wameiambatisha!

Siku hizi pole naiandika peke yake na uamuzi peke yake: "We are sorry for the delay. We have not yet decided on your claim."

Na hiyo "actually" mimi niliifanya kwa kweli yetu. Kwa kweli tunashukuru, nikaandika "Actually we thank you." Bosi wangu, aliyesoma Uingereza, akaniuliza kwani kuna mtu alisema hatushukuru?

Mama Tafsiri

Ndiyo hapo. Kwa kweli yetu inakaza neno, yao inamsahihisha mtu. Ukimwandikia mteja "Actually, we paid on Tuesday" amesikia umemwambia hajui anachosema.

Karani wa Zamani

Mmemsahau mtu na mshahara wake. Ndugu, soma kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri hakati hasara kwa kutamka tu. Unatakiwa ukubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, upewe maelezo ya maandishi ya chanzo na hesabu yake, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Ila nitakuwa mkweli, kianzio ulilipa bila hela ya mteja. Hiyo ya "sympathetic" itakutesa kwenye maelezo.

Mzee wa Kamusi

Kamusi bado inamtetea.

Karani wa Zamani

Kamusi haikumruhusu atoe dola 500, mzee.

Kijana wa Ubungo

Mimi sielewi kitu kimoja. Wote wawili Waswahili, kwa nini wasiandikiane Kiswahili tu, mteja wakamtumia muhtasari?

Mtoto wa Katuba

Nalo lina mitego yake. Sisi Lubumbashi kutosha ni kutoa, kuondoa. Niliwahi kumwambia dereva wa Dar, "Tosha mizigo," akanijibu, "Ndiyo, imetosha." Akafunga turubai akasubiri malipo.

Msafirishaji wa Kurasini

Nimecheka peke yangu ofisini. Wakuu, nashukuru sana. Bosi nimemwomba maelezo ya maandishi kama Karani alivyosema, amenuna, hajajibu. Mwenye lori amekubali kianzio kihamie safari nyingine, ila zile dola 300 za kusubiri anazitaka.

Mwenzangu wa kule nimemwandikia kama Mama alivyoelekeza, hakuna "eventually" wala nini: "Second truck for Monday: yes or no? Please answer by Thursday 4 pm."

Amejibu sasa hivi. Nanakili:

"Actually no."

Mama Tafsiri, hii ni hapana, au ni kwa sasa hapana?

Mtoto wa Katuba

Mpigie simu.