Naomba ushauri: uti wa herufi S unavimba kwenye Inkscape

Ndugu wanachama, habari za kazi. Ninatengeneza stika za maneno SAMAKI BORA kwa ajili ya duka lililopo Shangani, Mtwara. Nakala niliyopewa ilichorwa kwa kufuatishwa na kompyuta, ikajaa nodi nyingi kiasi kwamba kisu cha mashine ya kukata kinashtuka kila penye nodi na kingo zinatoka na vikona. Kwa hiyo ninaichora upya.

Herufi O imekubali vizuri. Ukingo wa nje una nodi nne tu, yaani juu, chini, kushoto na kulia kabisa, na wa ndani vilevile; vishikio vyote vimelala au vimesimama wima kwa kubana Ctrl. Kwenye duara kamili, kishikio huwa takriban asilimia 55 ya nusu kipenyo, nami huanzia hapo.

Tatizo ni uti wa S, ule mteremko wa katikati. Nikiweka nodi pale mpindo unapogeuka upande, ukingo mmoja unavimba, hata vishikio vyake viwili vikiwa kwenye mstari mmoja. Nikiifuta, mpindo mmoja unatoka kushoto kabisa juu hadi kulia kabisa chini, nao ni laini zaidi; lakini nikirefusha vishikio uti unalala mno, na nikivifupisha unanyooka kama fimbo.

Je, mnaiacha nodi hiyo au mnaiondoa? Na mnalinganishaje vishikio vya kingo mbili ili unene wa uti ukue taratibu kuelekea katikati?