Kapsheni hii: ibaki aya moja, niweke emoji, au niruke mistari tu?

Karani_Mpya: Habari wakuu. Kesho asubuhi naposti tangazo la ofisi na bosi anataka "lisomeke". Nina matoleo mawili, nimekwama.

A)
Tumeanza kupokea hesabu za mwaka. Leta risiti, taarifa ya benki na orodha ya mishahara kabla ya tarehe 15. Tupo saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni.

B)
📢📢📢
🎉 Tumeanza kupokea hesabu za mwaka! 🎉
✅ Risiti
✅ Taarifa ya benki
✅ Orodha ya mishahara
⏰ Kabla ya tarehe 15 🙏🙏

Lipi?

Kijana_wa_Posti: B bila kuuliza. A watu wataipita kama kituo cha basi.

Bi_Kalamu: Unaposti wapi? Na wasomaji ni nani? Hujasema, sisi tutakisia tu.

Mzee_Mikoba: Mimi kwenye grupu langu naweka nyota pande zote mbili za neno, linakuwa zito. Emoji za nini?

Bi_Kalamu: Mzee, hiyo ni WhatsApp. Ukiandika \*tarehe 15\* Instagram, nyota zitabaki zinaning'inia hapo kila mtu akiziona.

Karani_Mpya: Samahani, ni Instagram. Wateja ni wenye maduka, wengi watu wazima.

Nukta_Tatu: Kama ni Instagram basi usiruke mstari bila kuweka nukta kwenye mstari mtupu. Inazifuta nafasi zote.

Bi_Kalamu: Hiyo ilikuwa zamani, na mara nyingi kosa lilikuwa nafasi iliyobaki baada ya neno la mwisho la mstari. Siku hizi mstari mtupu unakaa. Nukta zako zinafanya kapsheni ionekane imetobolewa na panya.

Karani, tatizo la B ni mahali ulipoanzia. Instagram inaonyesha kama herufi 125 za mwanzo, kisha mtu abonyeze kuona zaidi, na mistari uliyoruka nayo inakula nafasi hiyo. Wewe mstari wa kwanza umewapa vipaza sauti vitatu. Anayepitisha kidole ataona kelele, tarehe haioni. Mimi ningeandika:

Hesabu za mwaka: tunapokea nyaraka hadi tarehe 15.

Leta hizi:
▪️ Risiti
▪️ Taarifa ya benki
▪️ Orodha ya mishahara

⏰ Saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni

Hata asipobonyeza, ameshajua cha kufanya na mwisho ni lini. Saa ya kengele imebaki kwa sababu jicho linalotafuta muda linaikamata haraka. Ile 🎉 haina kazi. Nani anasherehekea hesabu za mwaka?

Kijana_wa_Posti: 😂 Sawa, lakini hiyo imepoa mno. Hata tiki umeziondoa!

Sauti_Pili: Mimi sioni, nasikiliza simu kwa TalkBack. Kila emoji inatamkwa jina lake. B kwangu inaanza kipaza sauti, kipaza sauti, kipaza sauti, halafu baruti ya sherehe, ndipo maneno. Hata vile viboksi vya Bi Kalamu vinatamkwa kabla ya kila neno. Kistari cha kawaida kinanisumbua kidogo zaidi. Emoji moja mwisho wa mstari haina shida.

Bi_Kalamu: Hilo la viboksi sikulifikiria. Nakubali, weka vistari.

Fundi_Picha: Mkishamaliza emoji, ogopeni zile herufi za mapambo za kunakili mtandaoni. Niliwahi kutangaza mafunzo, kichwa pamoja na namba ya simu nikavitia "uzito" kwa njia hiyo. Kwangu ilipendeza kweli. Siku mbili kimya. Mama mmoja akanitumia picha ya skrini yake: kichwa chote ni vijisanduku vitupu, simu yake ya zamani haina herufi zile. Mwingine alinakili namba, simu ikagoma kupiga, kwa sababu zile hazikuwa tarakimu, ni alama zilizofanana na tarakimu. Nikarekebisha usiku, lakini waliokuwa na haraka walishakwenda kwingine. Nilifundisha watu wanne.

Sauti_Pili: Na sisi herufi hizo zinatusomea moja moja kwa majina marefu, au zinarukwa kabisa.

Nukta_Tatu: Turudi kwenye 🙏. Hiyo ni "asante" au ni dua?

Mzee_Mikoba: Dua.

Kijana_wa_Posti: Mzee, ni "tafadhali". Wengine wanasema watu wawili wanagonga viganja.

Mzee_Mikoba: Viganja gani, mikono imefungwa vile! Mimi nikitumiwa hiyo najibu amina.

Karani_Mpya: 🙏 nimeitoa. Nimechukua la Bi Kalamu na vistari, ⏰ nimeipeleka mwisho wa mstari. Bosi amesoma, anauliza mbona tiki zake za kijani hazipo.

Kijana_wa_Posti: Nilisema mimi!

Bi_Kalamu: Mwache achague moja. Moja tu.

Karani_Mpya: Anataka tatu.